Mapigo Yanayochekesha: Troki, Daktili na Anapesti kwenye Sherehe za Moshi

Chukua methali tatu ambazo kila Mswahili anazijua, uzisome kwa sauti huku ukigonga meza kwa kidole kila mkazo unapoangukia. Silabi zenye mkazo nimeziandika kwa herufi kubwa.

PO-le-PO-le NDI-o MWE-ndo.
HA-ba na HA-ba hu-JA-za ki-BA-ba.
ha-RA-ka ha-RA-ka ha-I-na ba-RA-ka.

Zote tatu zina mapigo manne. Kinachotofautiana ni silabi nyepesi zilizo kati ya pigo na pigo. Ya kwanza ina moja tu, ndiyo maana inatembea kwa hatua sawa, kushoto kulia, kushoto kulia. Ya pili na ya tatu zina mbili mbili, na ulimi unazirukia upesi ili uwahi pigo linalofuata. Hatua ya pigo moja na silabi nyepesi moja inaitwa troki. Pigo likifuatwa na nyepesi mbili ni daktili. Nyepesi mbili zikitangulia, pigo likaja mwisho, hiyo ni anapesti. Na ile ya "haraka", yenye pigo katikati na nyepesi moja kila upande, ni amfibraki, ambayo kwa masikio ya wengi ni ndugu wa damu wa anapesti.

Majina hayo nilifundishwa na mwalimu wangu wa kwaya, hapa Moshi, nilipoanza kazi ya ushereheshaji. Alinisikia nikighani tungo zangu za kuchekesha kwenye sendofu moja, akaniita pembeni akaniambia, "Mizani yako ni safi kabisa, lakini watu wanacheka nusu sekunde baada ya muda wake. Hesabu mapigo, usihesabu silabi peke yake." Kauli hiyo ilibadilisha namna ninavyoandika kila ubeti wa utani mpaka leo.

Sisi tumelelewa kwenye mizani. Mshororo wa shairi ni silabi kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao. Mshororo wa utenzi ni silabi nane. Kanuni hiyo ni nzuri na imebeba tungo za karne nyingi, kwa sababu shairi letu linaghaniwa kwa mahadhi, na mahadhi yanaweza kuirefusha silabi moja na kuifupisha nyingine. Lakini mshereheshaji haghani kwa mahadhi. Anasema tu, maikrofoni mkononi, mbele ya watu wanaotafuna nyama. Hapo mkazo wa maneno yenyewe ndio mdundo pekee alio nao.

Tazama mishororo hii mitatu, yote ya silabi nane:

Mbuzi huyu ni mwanangu.
Mbuzi kamwita mwanangu.
Kamwita mbuzi mwanangu.

Mwenye kuhesabu mizani ataipitisha yote. Sasa gonga meza. Wa kwanza ni MBU-zi HU-yu NI mwa-NA-ngu, troki nne. Wa pili ni MBU-zi ka-MWI-ta mwa-NA-ngu: silabi zilezile nane, ila mapigo yamekuwa matatu na umeanza kurukaruka. Huo ni mwendo wa daktili. Wa tatu ni ka-MWI-ta MBU-zi mwa-NA-ngu, na kidole chako kimechanganyikiwa: kati ya pigo la kwanza na la pili kuna nyepesi moja, kati ya la pili na la tatu kuna mbili. Kuhamisha neno moja tu kumeufanya mshororo uchechemee. Wasikilizaji hawataweza kueleza kilichotokea, ila utaona wanakusikiliza bila kutikisa vichwa.

Kiswahili kina jambo moja linalomrahisishia kazi mtunzi wa mdundo huu: karibu kila neno lina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ukijua neno lina silabi ngapi, unajua pigo liko wapi. Neno la silabi mbili, kama "baba" au "ndizi", ni troki iliyo tayari. Neno la silabi tatu, kama "ugali" au "jirani", ni amfibraki. Na kitenzi cha silabi nne, kama "anapika" au "alimwita", ni anapesti yenye mkia wa silabi moja: a-na-PI-ka. Unganisha vipande hivyo na unapata mshororo mrefu wa anapesti bila jasho: "anapika ugali wa mama jirani". Gonga uone: a-na-PI, ka-u-GA, li-wa-MA, ma-ji-RA, halafu "ni" inabaki nyuma. Mipaka ya maneno haina kazi hapa. Hatua inakata neno katikati na sikio halijali.

Kwa hiyo daktili, amfibraki na anapesti zinatofautiana mwanzoni tu mwa mshororo. Ukianza na pigo moja kwa moja, ni daktili. Ukitanguliza silabi nyepesi moja, ni amfibraki. Ukitanguliza mbili, ni anapesti. Ukishaingia ndani, sheria ni moja: mbili nyepesi kati ya mapigo, basi. Ndiyo maana kwenye ubeti wa utani naruhusu mshororo mmoja uanze na nyepesi moja na mwingine na mbili. Mwanzo wa mshororo una nafasi ya kupumua, na sikio linasamehe. Katikati halisamehi.

Kwa nini mdundo huu unachekesha? Nimeliwaza sana jambo hili nikiwa jukwaani, na naona sababu ziko mbili. Kwanza ni kasi. Silabi mbili nyepesi zinasukuma sauti mbele kama mtu anayeshuka mteremko wa Kibosho, ambaye akishaanza kukimbia hawezi kusimama katikati. Jambo zito likisemwa kwa kasi hiyo linapoteza uzito wake, na tofauti kati ya uzito wa jambo na wepesi wa mwendo ndiyo inayotekenya. Pili ni matarajio. Baada ya mishororo miwili tu, ukumbi mzima unajua pigo linalofuata litaangukia wapi. Wanakungoja hapo. Ukiliweka neno la kichekesho kwenye pigo hilohilo, kila mtu anacheka kwa pamoja, kwa sababu wote wamelipokea kwa wakati mmoja. Neno lilelile likija nje ya pigo, wa mbele wanacheka, wa nyuma wanaulizana.

Umbo ninalolipenda kwa kazi hii ni limeriki, ubeti wa mishororo mitano. Wa kwanza, wa pili na wa tano ina mapigo matatu matatu na kina kimoja. Wa tatu na wa nne ni mifupi, mapigo mawili mawili, na ina kina chake. Mwingereza Edward Lear ndiye aliyelieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1846. Mara nyingi alianza kwa kumtaja mzee wa mahali fulani, na jina la mahali ndilo lililompa kina. Huku kwetu utaratibu huo unakubali kabisa, maana majina ya pande hizi yamekaa kwenye mdundo: Marangu, Machame, Kibosho, Tengeru, Arusha. Yote ni amfibraki. Rombo, Himo na Uru ni troki, hivyo yanahitaji msaada kidogo. "Mzee wa kule Marangu" inakaa sawa: m-ZE-e wa KU-le ma-RA-ngu. "Mzee wa kule Rombo" inakwama, imepungukiwa silabi moja kabla ya pigo la mwisho. Sema "mzee wa pande za Rombo" na safari inaendelea.

Ubeti ninaotaka kuufungua hapa niliuandikia sendofu ambayo upande wa bwana harusi ulitoka Marangu. Utani ulikuwa juu ya mzee anayempenda mbuzi wake kuliko kiasi, na siku ya kutoa ndafu, yaani mbuzi wa kuchomwa mzima, anatafuta njia ya kumwokoa. Nilianza hivi:

Mzee wa kule Marangu
alimwita mbuzi "mwanangu".

Nilimpelekea shangazi yangu ausome. Shangazi ndiye msomaji wangu wa kwanza siku zote, kwa sababu hajui chochote kuhusu troki wala daktili, na husoma anachokiona bila kunihurumia. Simwambii ubeti unaendaje. Nampa karatasi na kumsikiliza.

"Shangazi, shikamoo. Nisomee hii kwa sauti."

"Marahaba, mwanangu." Akasoma. Kwenye mshororo wa pili akapunguza mwendo, akarudia. "Hapa ulimi wangu umejikwaa. Kwenye mbuzi."

Alikuwa amepapata penyewe. A-li-MWI-ta MBU-zi mwa-NA-ngu: kati ya MWI na MBU kuna silabi moja tu. Mbuzi ana silabi mbili na pigo lake liko mwanzoni, kwa hiyo anagongana na kitenzi. Nilihitaji mnyama wa silabi tatu. "Beberu" akaingia: a-li-MWI-ta be-BE-ru mwa-NA-ngu. Shangazi akausoma tena bila kusita, tena akaongeza kwamba beberu anachekesha zaidi, kwa sababu hakuna anayemwita beberu mwanangu. Hilo nimeliona mara nyingi: mdundo ukikulazimisha kutafuta neno lingine, unalopata huwa mahususi zaidi kuliko lile la kwanza.

Mishororo mifupi ilikuja upesi: "Alilazwa chumbani, akala mezani." A-li-LA-zwa chu-MBA-ni, a-KA-la me-ZA-ni. Hapo kiambishi cha mahali kilinisaidia sana. "Chumba" na "meza" ni troki, lakini zikiongezewa "ni" pigo linasogea mbele na zinakuwa amfibraki: MEza, meZAni. Mtunzi akikosa silabi moja, mara nyingi "ni" hiyo ndiyo dawa, na inampa kina papo hapo. Halafu tazama mshono kati ya mishororo hiyo miwili. "Chumbani" imeacha "ni" nyuma ya pigo, na "akala" imeleta "a" mbele ya pigo. Zikiungana ni nyepesi mbili, kwa hiyo mishororo hiyo inasomeka kwa pumzi moja bila kukatika. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu kazi yake ni kuharakisha ukumbi kuelekea mshororo wa tano.

Wa tano ndio uliochukua muda. Rasimu ya kwanza ilisema:

Siku ya harusi kachinja mbuzi wangu.

Kina kipo, kichekesho kipo, mdundo haupo. SI-ku ya ha-RU-si ina nyepesi tatu kati ya mapigo, kisha mwishoni MBU-zi WA-ngu inageuka troki. Tena mapigo ni matano mahali panapotakiwa matatu. Nikaandika nyingine:

Akachinja wa kwangu kwa ndafu.

Hii ukiigonga ni safi: a-ka-CHI-nja wa KWA-ngu kwa NDA-fu. Lakini shangazi hakucheka. Sababu ni kwamba kichekesho, kwamba mbuzi aliyechinjwa ni wa kwangu, kimetokea kwenye pigo la pili, na la tatu limebebwa na ndafu ambayo haina jipya. Kina nacho kimepotea. Ukumbi ungekuwa unangoja "-angu" mwishoni, nao ungenyimwa. Nilipogeuza mpangilio, ukakaa:

Mzee wa kule Marangu
alimwita beberu "mwanangu".
Alilazwa chumbani,
akala mezani;
kwa ndafu kachinja wa kwangu!

Kwa NDA-fu ka-CHI-nja wa KWA-ngu. Ndafu sasa imekaa kwenye pigo la kwanza, ambapo inaamsha hofu kwa beberu. Pigo la pili ni kisu. La tatu ni mimi niliyepoteza mbuzi. "Kachinja" badala ya "akachinja" ni ufupisho unaokubalika katika utungo na katika mazungumzo ya kila siku, nao ndio ulioondoa silabi iliyokuwa ikizidi. Lear, mara nyingi, alimalizia mshororo wa tano kwa kurudia neno lilelile la mshororo wa kwanza. Sisi tuna vina tele, sioni sababu ya kurudia Marangu. Kina kinachotarajiwa na neno lisilotarajiwa vikikutana kwenye pigo la mwisho, kicheko hakikosi.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi wanaoanza, nao ni herufi "m" na "n" mwanzoni mwa neno. Kwenye "mzee", "mtoto" na "mgomba", "m" ni silabi kamili: m-GO-mba. Kwenye "mbuzi" na "ndafu" sauti hizo zimeshikamana na konsonanti inayofuata, hazihesabiwi peke yake. Na kwenye "mtu" na "nchi", "m" na "n" ndizo zinazobeba mkazo wenyewe: M-tu, N-chi. Msomaji akiimeza "m" ya mzee, mshororo unapungua silabi na mdundo unaanza kwa mguu mbaya. Mtego mwingine ni vitenzi virefu. "Alimpelekea" ina silabi saba na pigo kuu moja, karibu na mwisho. Kinywa hakiwezi kubeba nyepesi tano mfululizo, kitajitengenezea pigo dogo njiani, na kila msomaji ataliweka anapotaka. Kwenye tungo za utani naviepuka vitenzi vya zaidi ya silabi tano.

Nisieleweke kwamba mdundo wenyewe ndio kicheko. Mwaka 1815 Byron, Mwingereza mwingine, alitumia anapesti kueleza jeshi la Senakeribu lililoangamia usiku mmoja, na hakuna anayecheka, kwa sababu kasi ya mdundo ni kasi ya farasi na ya uvamizi. Kasi ni mali ya kisa chenyewe, hivyo hakuna tofauti ya kutekenya. Mimi siutumii mdundo huu nikitaja marehemu wa familia, jambo ambalo kwenye sendofu hutokea mara kwa mara. Hapo narudi kwenye silabi nane na troki zake, ambazo zinaweza kutembea taratibu. Troki nazo zinafaa utani wa aina yake: kejeli za kujibizana kati ya mashemeji, ambapo kila upande unataka kupigilia neno baada ya neno. Lakini zikiwa nyingi mfululizo zinachosha, kwa sababu kila mshororo unaanguka vilevile. Shairi refu la Mmarekani Longfellow la mwaka 1855, lililoandikwa lote kwa troki, liliigwa kwa dhihaka na wengi tangu lilipotoka, kwa kuwa mwendo wake ni rahisi mno kuushika.

Kitu kimoja ambacho anapesti ya Kiingereza inacho na yetu inakikosa ni kumalizia kwenye pigo. Neno la Kiswahili karibu siku zote linaacha silabi moja nyuma ya mkazo, hivyo mshororo wetu unamalizika kwa kushuka: maRAngu, mwaNAngu, KWAngu. Mara nyingi napenda mshuko huo, unampa msikilizaji nafasi ya kuanza kucheka. Lakini ipo siku unataka pigo likate kama mlango uliofungwa na upepo. Hapo nenda kwenye tanakali za sauti, kwa maana pu, chwa na ti ni silabi moja moja na zote zina mkazo:

Akapanda mgomba wa babu, na pu!

A-ka-PA, nda-m-GO, mba-wa-BA, bu-na-PU. Anapesti nne kamili, hakuna mkia. Ile "na" usiiache. Bila hiyo, "babu, pu" inabaki na nyepesi moja tu, na itabidi ujaze pengo kwa kunyamaza kidogo kabla ya kusema pu. Nimeijaribu kwa namna zote mbili. Kwenye karatasi naiandika na "na", maana msomaji anahitaji mdundo uliokamilika. Jukwaani naiondoa na kunyamaza, kwa sababu hapa Moshi kila mtu anajua mgomba haukwewi, na kimya hicho kinawapa watu muda wa kuuona ukiinama.